Tupeane uzoefu: Muziki, picha na misemo katika matangazo ya biashara zetu mtandaoni

MwokajiDodoma

Habari zenu ndugu zangu. Naoka na kuuza keki za harusi, na matangazo yangu yote nayafanyia Instagram kwa akaunti ya biashara. Mwezi uliopita nilirekodi video ya sekunde 40 nikipamba keki ya ghorofa tatu, nikaiunganisha kwenye simu na wimbo wa Bongo Fleva uliokuwa unachezwa kila mahali, kisha nikaipandisha. Siku mbili za kwanza ilitazamwa vizuri. Nilipotaka kuilipia ili iwafikie watu wa Morogoro na Singida, nilikataliwa kwa maelezo kwamba ina muziki usioruhusiwa katika tangazo, na siku iliyofuata sauti yote ikazimwa, pamoja na maelezo yangu ya bei niliyoyasema kwa mdomo ndani ya video hiyo. Wateja wakabaki wananiangalia nachezesha midomo. Naomba kila aliyepitia jambo kama hili aeleze lililomkuta, na hasa anakopata muziki na picha ambazo kweli ni za bure kwa mfanyabiashara.

Kinyozi_Sakina

Pole sana dada. Mimi nilibadilisha akaunti yangu kutoka ya biashara kuwa ya kawaida, na nyimbo zote kubwa zikarudi kwenye orodha. Chini ya kila video naandika kwamba similiki haki za wimbo huu na kwamba haki zote ni za msanii. Pia nahakikisha situmii zaidi ya sekunde 10. Ni mwaka wa pili sasa na sijaguswa.

MhaririVideo

Ndugu yangu wa Sakina amesema kweli kwa sehemu: orodha ya nyimbo hubadilika unapobadilisha aina ya akaunti. Hata hivyo, ruhusa haibadiliki. Nyimbo zile zimewekwa kwa ajili ya watu kufurahia na marafiki zao, na miongozo ya Meta kuhusu muziki inakataza kuzitumia kibiashara bila leseni yako mwenyewe, iwe akaunti ni ya aina gani. Ukionyesha bei ya kunyoa na namba ya simu ya saluni, hilo ni tangazo. Hakuna pia sheria ya sekunde 10; mtambo unaotambua nyimbo hauhitaji hata kiitikio kizima. Na ile sentensi ya kwamba humiliki haki, mwenye wimbo akiisoma ataona tu kwamba ulijua wimbo si wako na bado ukautumia.

Kwa dada wa Dodoma, nitaeleza nilivyofanya kwa mteja wangu mmoja anayeuza kahawa ya kusaga, kwa sababu tatizo lake lilikuwa hili hili. Hatua ya kwanza ilikuwa kutenganisha sauti. Tulirudi kwenye video ghafi, ile iliyo na sauti yake tu bila wimbo, na tangu hapo hatufuti video ghafi kamwe, kwa maana ukishaunganisha sauti yako na wimbo vikawa kitu kimoja, wimbo ukizimwa na wewe unazimwa.

Hatua ya pili ilikuwa kuamua video itakaa wapi, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Meta wana maktaba yao iitwayo Sound Collection, ambayo mfanyabiashara anaruhusiwa kuitumia bila malipo, hata katika tangazo la kulipia, ila ruhusa hiyo ni ya Facebook na Instagram. TikTok nao wana Commercial Music Library kwa akaunti za biashara, na ruhusa yake ni ya TikTok. Ukitengeneza video TikTok kwa muziki wa kule, ukaipakua na kuipandisha Instagram, umeutoa muziki nje ya nyumba ulimoruhusiwa. Mteja wangu alitaka video moja aiweke Instagram, TikTok na YouTube, na pia aionyeshe kwenye skrini ya duka lake. Kwa hiyo maktaba hizo mbili hazikumfaa.

Tukaenda kwenye tovuti ya Pixabay, ambako leseni inaruhusu matumizi ya kibiashara bila kumtaja mtunzi. Tulichagua kipande cha gitaa lisilo na maneno, tukapakua faili na hati yake ya leseni, na nikapiga picha ya skrini ya ukurasa ule ikionyesha tarehe. Msidharau tarehe. Hadi mwanzoni mwa 2019 Pixabay walitoa kazi zao kwa CC0, yaani bila kubakiza haki yoyote, kisha wakahamia leseni yao wenyewe yenye masharti zaidi, hivyo mtu anayepakua leo hawezi kusoma maelezo ya zamani akayategemea.

Wiki mbili baadaye YouTube ilitoa dai kwamba muziki ule una mwenyewe. Mteja alishtuka, lakini dai la namna hiyo si onyo la kufungiwa. Mara nyingi mtunzi mwenyewe amesajili kazi yake kwenye Content ID, mtambo wa YouTube wa kutambua nyimbo, na mara nyingine mtu mwingine ametumia kipande hicho hicho ndani ya wimbo wake kisha akasajili wimbo mzima. Tulipinga dai, tukabandika maelezo ya hati ya leseni. Mdai hupewa siku 30 za kujibu. Wetu aliachia kabla hazijaisha. Bila ile hati tungekuwa na maneno matupu.

MamaSaluni_Mza

Mimi naona mnajisumbua. Nina leseni ya kupiga muziki saluni kwangu, naulipia kila mwaka na karatasi imebandikwa ukutani. Nikiwarekodi wateja wangu wakisukwa huku muziki unalia, si nimeshaulipia?

MhaririVideo

Mama, leseni hiyo ni halali na umefanya vema kuilipia, lakini inahusu kupiga muziki mahali pa biashara ili waliopo wausikie. Kuuingiza wimbo ndani ya video ni ruhusa nyingine, na huombwa pande mbili: kwa mtunzi au anayemwakilisha, na kwa mwenye ile rekodi, ambaye mara nyingi ni studio au kampuni iliyoitoa. Mtambo nao hauwezi kujua kwamba wimbo ulikuwa unalia kwenye redio nyuma ya kiti. Zima spika kwa dakika hizo chache za kurekodi, kisha weka muziki wenye ruhusa wakati wa kuhariri.

MamaSaluni_Mza

Basi kumbe. Nina video zaidi ya ishirini za namna hiyo.

MtengenezaMidundo

Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaotengeneza. Mwenye duka la nguo aliniomba mdundo wa dakika moja kwa ajili ya Instagram, tukakubaliana shilingi 50,000 kwa ujumbe wa WhatsApp. Miezi minne baadaye nikausikia kwenye tangazo la redio. Alipoulizwa, alisema ameununua. Mimi nilijua nimemruhusu kuutumia Instagram, yeye alijua amenunua kila kitu, na ujumbe wetu haukusema lolote zaidi ya bei na urefu. Tulielewana mwishoni kwa kuongeza malipo, lakini urafiki ulipoa.

Tangu wakati huo naandika mistari minne: mdundo utatumika wapi, kwa muda gani, kama mteja anaruhusiwa kumpa mtu mwingine, na kama mimi naweza kuuuza kwa wengine. Dada wa keki, ukimtafuta kijana wa studio hapo Dodoma ukamlipa na mkaandikiana hivyo, utakuwa na sauti yako ambayo hakuna duka jingine linayo. Mimi naona hili ni bora kuliko kipande cha bure kinachosikika kila mahali.

PichaZaMoshi

Mmezama kwenye muziki; mimi nazungumzia picha. Kampuni ndogo ya utalii ilichukua picha yangu ya Kibo wakati wa machweo, ikakata sehemu yenye jina langu na kuiwekea bei za safari. Nilijaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya Instagram nikaambatanisha picha ghafi, na baada ya siku chache ikaondolewa. Yule ndugu alinipigia simu akisema aliipata Google. Google ni njia ya kufika kwenye picha; mwenye picha yuko kwenye tovuti inayofunguka ukibofya.

Ukitafuta kwa Google Picha, fungua sehemu ya Zana, kisha haki za matumizi, uchague leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huwaruhusu watu wote kuitumia kwa masharti, halafu uingie kwenye ukurasa wenyewe usome herufi zinazotaja masharti hayo. Ukikuta NC, iache, kwa kuwa hairuhusu biashara. Ukikuta ND, usiikate wala kuibadilisha, na kama ni muziki usiuunganishe na video kabisa, maana leseni hizo huhesabu kuunganisha huko kuwa ni kuibadilisha kazi. SA hukutaka bango lako ulilolitengeneza kwa kuibadilisha picha hiyo nalo ulitoe kwa leseni ile ile, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalipendi. CC BY ndiyo rahisi: taja jina, leseni na ilikotoka, na useme kama umeibadilisha. Mimi napenda iandikwe hivi chini ya chapisho: Picha: jina la mpiga picha, Wikimedia Commons, CC BY 4.0, imekatwa pembeni.

Tovuti za picha za bure kama Unsplash na Pexels hazidai kutajwa, ila angalieni nyuso. Kuruhusiwa kutumia picha hakumaanishi kwamba yule mama anayetabasamu amekubali kuonekana kama mteja wa dawa yako ya ngozi.

MuuzaVitabu_Kariakoo

Kuhusu misemo: kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo hapa kwetu beti zake ziko huru, ingawa picha ya jalada na utangulizi wa toleo jipya ni kazi za watu wengine. Mwalimu Nyerere alifariki 1999; maandishi yake bado yanalindwa. Sentensi moja yenye jina lake katika chapisho la kawaida sijaona ikimletea mtu shida, lakini kuifanya kauli ya kuuzia sabuni ni jambo jingine, maana unamfanya aonekane ameisifu sabuni hiyo. Methali hazina mtunzi anayejulikana, na mimi hutumia hizo.

Mabaibui_Mombasa

Nami nina swali langu. Kila Ijumaa naweka picha ya mabaibui mapya pamoja na kisomo cha Qur'ani cha kari mashuhuri. Maneno ya Mwenyezi Mungu hayana mtu wa kuyamiliki. Je, hili nalo limo?

MhaririVideo

Dada, maandiko hayana mwenyewe, lakini rekodi ya kisomo huwa na aliyeirekodi. Wako wasomaji wanaoruhusu kisomo chao kisambazwe bure, na wako ambao rekodi zao ni za kampuni. Kama ruhusa ya kusambaza inafika hadi kwenye chapisho la kuuza nguo, siwezi kukujibu. Mwulize mwenye rekodi.

Kinyozi_Sakina

Kaka yangu mdogo anasoma vizuri. Nadhani Mombasa hawakosi kijana wa kukurekodia, kwa ridhaa yake.

MwokajiDodoma

Nashukuru sana. Video ghafi nimeikuta kwenye simu ya binti yangu. Nimeweka kipande cha Sound Collection chini ya sauti yangu, kwa kuwa hii naitaka Instagram peke yake, na safari hii imekubaliwa kulipiwa. Nimefungua folda iitwayo Leseni, ndani yake kuna jina la kipande, tarehe na picha ya skrini. Kijana wa studio ameniambia atanitengenezea mdundo wa sekunde 45. Nimemtumia ile mistari minne, na bado anaufikiria ule wa nne.