Mradi gani wa nyumbani unaweza kwenda na saa za shule? Naombeni ushauri

UmmuWawili
Assalam aleikum wana jukwaa, na wengine hamjambo. Mimi ni mama wa nyumbani, niko Kisauni upande wa Bakarani. Mume wangu ni kibarua wa bandarini na miezi hii kazi ni ya kubahatisha, wiki akiitwa mara mbili tunashukuru. Nataka kitu cha kuniingizia hata shilingi 300 kwa siku, bila kuajiri msichana wa kazi. Mkubwa yuko gredi ya 3, hutoka saa tisa na nusu kisha aenda madrasa. Wa pili yuko PP1, namchukua saa sita. Kwa hiyo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita ndio wakati wangu. Nimewaza mahamri na mbaazi asubuhi, halafu viazi karai jioni. Mnaonaje? Naogopa kuanza kitu kikanishinda katikati.

BabaSwaleh
Dadangu, hongera kwa kuwaza. Mimi mwenyewe nimekaa na watoto tangu mke wangu apate kazi hotelini Shanzu, na watu walinicheka sana. Niliwakusanya watoto wa jirani jioni, nikawa nawasomesha hesabu na Kiingereza sebuleni, kila mtoto shilingi 50. Walifika tisa. Shida ilikuja likizo ya Agosti, wote wakaenda kwa nyanya zao na mimi nikabaki na ubao. Fikiria hilo la likizo, watu hulisahau.

Karani_Tudor
Mnunulie mumeo bodaboda kwa mkopo. Shilingi 300 kwa siku ni kidogo sana.

UmmuWawili
@Karani_Tudor ahsante kaka, lakini nauliza kazi yangu mimi, niliye nyumbani.

MpishiWaMtongwe
Mwanangu, nimeuza mahamri miaka mingi na sasa nimeyaacha, kwa hivyo acha nikuulize kabla ya kukushauri. Mahamri na mbaazi huliwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Ikifika saa nne yamekuwa magumu, na wa kununua hayupo. Unga waukanda usiku, mbaazi wazilowesha usiku huohuo, na karai iko motoni saa kumi na moja alfajiri. Huo ndio wakati watoto wako wanaoga na kutafuta soksi. Viazi karai navyo hutoka kuanzia saa kumi jioni, wakati wote wamerudi nyumbani. Wewe umesema uko huru saa mbili hadi saa sita, mbona umechagua biashara mbili ambazo hazina hata saa moja ndani ya huo wakati?

Na jingine. Hizo saa nne, uko peke yako kweli ndani ya nyumba?

UmmuWawili
Mume huwepo siku asizoitwa. Hilo la alfajiri nitajipanga, nitaamka saa tisa.

MpishiWaMtongwe
Sijauliza mume. Nauliza mtoto.

UmmuWawili
Kuna mdogo wa mwaka mmoja na miezi miwili. Lakini si msumbufu, hulala saa nne hadi karibu saa tano na nusu. Sikumtaja kwa sababu nikimtaja kila mtu huniambia subiri akue, na kodi haisubiri mtoto akue. Tena nishachukua shilingi 8,000 za chama, nimenunua karai kubwa na nimelipa arubuni ya kibanda hapo njia ya shule. Narudisha 500 kila wiki. Kwa hiyo siulizi kama nianze au nisianze. Mahamri yanajulikana, mtu wa Mombasa hawezi kukosa mahamri.

Al_Busaidy
Dada, kuchukua pesa ya chama kabla ya kushauriana na mume si sawa. Baraka ya biashara hutoka kwenye ridhaa ya nyumba.

UmmuWawili
Mume anajua, sheikh. Yeye ndiye aliyebeba hiyo karai kutoka Mwembe Tayari.

MpishiWaMtongwe
Basi nikwambie nilivyofanya mimi, nilipokuwa na mjukuu wa kutambaa ndani ya nyumba. Nilitafuta kitu ambacho siku ya kukipika si lazima iwe siku ya kukiuza. Nikaingia kwenye mabuyu. Hamri hukulazimisha wewe uifuate saa yake, buyu hukungoja wewe. Mtoto akiugua siku mbili, mabuyu yako yako pale pale ndani ya kopo.

Mfano wa mkupuo mmoja kwa bei ninazonunulia: mabuyu ghafi kilo 4 kutoka Kongowea, 480. Sukari kilo 3, 480. Rangi, iliki na pilipili, 100. Gesi, 120. Pakiti 140, shilingi 210. Jumla 1,390. Kilo 4 na sukari yake zinakupa karibu kilo 7, nami natia gramu 50 kwa kila pakiti. Duka lanichukulia kwa 15, lenyewe lauza 20. Hiyo ni 2,100. Toa nauli ya matatu 100, wabaki na 610. Mikupuo mitatu kwa wiki ni 1,830. Hujafika 300 zako kwa siku, sikudanganyi, lakini 500 ya chama imetoka na hujaamka saa tisa usiku.

Zai_Likoni
Mabuyu kweli! Na hayaozi, waweza kuweka hata mwaka. Ila jihadhari na pakiti, plastiki zote zimepigwa marufuku tangu 2017, utashikwa.

MpishiWaMtongwe
Zai, nusu ni kweli. Zilizopigwa marufuku ni mifuko ya kubebea na ile bapa laini. Vifungashio vya bidhaa vinavyofungwa kiwandani au penye bidhaa inatengenezwa viliachwa, lakini viwe vya kiwango chake na vyenye maandishi ya mtengenezaji. Mimi nimehamia vikopo vidogo vyenye kifuniko kwa wateja wa mtaani, huvirudisha.

Na hilo la kutooza, mwanangu, usilisikilize. Mji wetu una unyevu. Mabuyu yakikosewa shira, masika yakiingia yanalowa, yananata kwenye pakiti na mwisho yanaota ukungu. Kosa liko kwenye chungu. Sukari na maji na rangi vichemke hadi ukichota tone kwenye kijiko likapoa kidogo, ukilibana vidoleni livute uzi. Ukitoa mapema, shira bado ni maji na buyu halikauki kamwe. Ukichelewa, sukari inageuka chengachenga na inadondoka yenyewe, mteja anabaki na kokwa nyeupe mkononi. Shira ikishavuta uzi ndipo watia mabuyu, moto uwe mdogo kabisa, wageuza hadi yote yashike, halafu wanyunyiza unga wa ubuyu na kutandaza kwenye sinia. Usifunge yakiwa na joto hata kidogo. Jasho linabaki ndani ya pakiti na kazi yote imeharibika.

UmmuWawili
Shukran bibi. Lakini si ningeyapika hayo mabuyu mdogo akilala saa nne? Saa moja na nusu yatosha.

MpishiWaMtongwe
Hapana, na hapa ndipo nataka unisikilize. Shira ikimrukia mtoto haichuruziki kama maji, inashika ngozi na kuendelea kuchoma. Mtoto wa umri huo huamka bila hodi. Pika usiku wote wakishalala, mume akiwepo, jiko liwe juu si chini sakafuni. Mchana akilala ndio ufunge pakiti tu. Na akiamka, funika kila kitu uinue juu, maana kokwa ya buyu ni saizi ya kumkaba mtoto koo. Kwa hiyo saa zako za kweli si nne. Ni saa moja na nusu ya mchana na saa moja na nusu hivi ya usiku. Pima biashara yoyote kwa hizo.

Mchunguzi_001
Samahani, mimi nimekuwa nikisoma kimya. Jina ni UmmuWawili, yaani mama wa wawili. Uzi ulianza na watoto wawili, ukurasa huu wamekuwa watatu. Kisha ghafla kuna mkopo, karai na kibanda. Halafu anatokea bibi mwenye hesabu tayari hadi nauli. Kuna uzi ulipita humu wa sabuni ya maji, ukaisha kwa watu kutumiwa namba ya kulipia mafunzo. Nasubiri namba.

Karani_Tudor
Eh, na mimi nilishangaa. Mama wa watoto watatu anajibu haraka hivi?

UmmuWawili
Nilifungua akaunti hii kabla mdogo hajazaliwa, nenda kaangalie tarehe. Najibu haraka kwa sababu amelala. Sina cha kuuza, na kama ningekuwa nacho nisingekuwa hapa. Nimeeleza mambo ya nyumba yangu mbele ya watu nisiowajua, sikutegemea kuhojiwa kama mwizi.

MpishiWaMtongwe
Mchunguzi, swali lako ni halali, tumeibiwa sana. Basi jibu langu ni hili: sitaki senti ya mtu wala sina namba. Kila nilichosema unaweza kukijaribu kwa kilo 1 jikoni kwako.

Mchunguzi_001
Sawa. Nikikosea nitaomba radhi, kwa sasa bado naangalia.

BabaSwaleh
Turudi kwenye mada jamani. Vipi vibali? Jirani yangu alichukuliwa sufuria zake na askari wa kaunti.

MpishiWaMtongwe
Anza na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, unapimwa na kinafanywa upya kila miezi 6. Kibanda kina leseni yake ya kaunti, muulize mwenyewe kama anayo kabla hujamwongeza hata shilingi. Ukitaka kuingia maduka makubwa hapo ndipo utaulizwa alama ya KEBS, lakini hilo liko mbele. Na rangi nunua ya chakula iliyofungwa na yenye jina la kiwanda, si ile ya kupimiwa kwenye karatasi.

UmmuWawili
Mwenye kibanda hataki kurudisha arubuni, nishamuuliza sasa hivi kwa simu. Amesema naweza kuanza mwezi ujao badala ya huu. Nafikiria kukitumia mchana, saa sita nikimchukua wa PP1, niwauzie watoto wanaotoka. Karai sitaiuza. Likizo ya Disemba, wakubwa wakiwa nyumbani wa kunishikia mdogo, nitapika viazi.

MpishiWaMtongwe
Kuuza pale kwa nusu saa ukiwa na mdogo mgongoni kunawezekana. Viazi na mafuta ya moto kwa kumtegemea mtoto wa gredi ya 3 amshike mdogo, hapo mimi na wewe hatukubaliani, na mumeo naomba asome haya. Kwa sasa pika kilo 1 tu kwa robo tatu ya sukari. Ya kwanza usiipeleke dukani. Funga pakiti tatu uziache mezani wiki nzima, dirisha wazi. Zikianza kunata, shira hukuipika vya kutosha, rudia kabla hujanunua kilo 4.

Zai_Likoni
Na kama sukari imegeuka chengachenga, yaweza kuokolewa au ni ya kutupa?

MpishiWaMtongwe
Rudisha kwenye sufuria na maji kidogo, moto mdogo, ukoroge hadi iyeyuke, uivutishe uzi upya. Rangi itakoza na iliki itapungua harufu, ongeza kidogo. Mara ya pili ikigoma, kula na wajukuu.

UmmuWawili
Mdogo ameamka. Kesho usiku napika hiyo kilo 1, mume hana zamu. Nitarudi kuwaambia pakiti zimekuwaje.