Ripoti ya mabomba ya ghorofa letu Dar: pampu ya juu ni lazima kweli?

Mama Nasra, Leicester

Assalam aleikum na habari za siku nyingi wapendwa. Wengine mnajua sisi wachache huku tumechanga tunajenga flati Dar, jengo la ngazi 12 ukihesabu na ya chini kabisa, kila ngazi flati 4, na kila flati bafu 2. Sasa injinia katuma ripoti ya maji, kurasa nyiiingi, mimi nafanya kazi ya uuguzi haya mambo nayajulia wapi. Nilichoelewa ni kwamba maji ya mtaani yanaingia tenki la chini, yanapandishwa na pampu hadi matenki ya juu ya paa, halafu yanashuka yenyewe. Hapo sawa. Lakini kaweka pampu NYINGINE huko juu paani kwa ajili ya ngazi ya 9 mpaka 12, na maji ya moto ya sola kwa jengo zima. Kontrakta anasema hiyo pampu ya juu ni kupoteza hela, maji yako juu tayari yatashuka tu, na bomba kuu la zile ngazi 4 ripoti imesema la milimita 63 yeye anataka kuweka la 50 maana "tofauti ni ndogo". Tukikubali yote mawili tunaokoa pesa nzuri tu. Wenye kujua nisaidieni kabla sijamjibu, kikao cha wanahisa Jumapili.

Deo, Toronto

Mama Nasra shikamoo. Mimi si injinia ila nimekaa kwenye kamati ya jengo letu huku miaka kadhaa. Kontrakta hajakosea sana, tatizo la presha dawa yake ni kuongeza matenki. Badala ya lita 10,000 weka 20,000, ule uzito wa maji ndio unaosukuma. Pia angalia kama ripoti ina valvu za kupunguza presha kila ngazi, huku kwetu ni lazima, bila hizo flati za chini mabomba yatapasuka.

Bi Zuhura, Minneapolis

Jamani na mimi nina shida hiyo hiyo, asubuhi nikioga jirani akifungua maji mimi napigwa na baridi ghafla, nimepiga simu ofisi ya jengo mpaka nimechoka. Hiyo pampu inauzwa wapi niwaambie waweke?

Rashidi, Maskati

Mama Nasra usimjibu kontrakta bado. Nimefanya mabomba ya majengo huku zaidi ya kulala nyumbani kwangu, nitajaribu kueleza taratibu.

Deo kaka, wingi wa maji hauongezi presha, kinachosukuma ni urefu kutoka chini ya tenki mpaka kwenye shawa. Tenki la lita 1,000 na la lita 20,000 yakikaa kimo kimoja presha ni ile ile, kubwa litachelewa kuisha tu. Kila mita 10 za kushuka ni kama presha ya bar 1. Sasa chukua jengo la Mama Nasra. Ngazi moja mita 3, kwa hiyo paa liko mita 36, na kama matenki yamekaa juu ya jukwaa la mita 2 basi chini ya tenki ni mita 38. Shawa ya ngazi ya 12 iko mita 35 kutoka chini, yaani imebaki na mita 3 tu juu yake, bar 0.3, na hapo hujatoa kinacholiwa na msuguano ndani ya bomba na kona zake. Shawa ya kawaida inataka kama bar 1 ikusafishe povu. Mwenye flati ya juu kabisa, ambayo nina hakika mmeiuza bei kuliko zote kwa sababu ya upepo na bahari, ataoga kwa matone.

Endelea kushuka: ngazi ya 11 mita 6, ya 10 mita 9, ya 9 mita 12. Ya 9 inaonekana imepona lakini toa msuguano mita 2 au 3 imerudi chini ya 10. Ya 8 ina mita 15, iko salama. Ndio maana injinia kakata pale pale, 9 hadi 12 pampu, 8 kwenda chini maji yanashuka yenyewe. Huyo injinia kafanya hesabu, hajakisia.

Na valvu za kupunguza presha: shawa ya ngazi ya 1 inapata mita 36, bar 3.6. Viwango vya Ulaya vinaruhusu mpaka bar 5 kwenye koki, kwa hiyo kwa jengo hili hazihitajiki. Zingehitajika kama mngesukuma jengo zima kwa pampu moja iliyoko chini, maana ili juu ipate bar 1 na nusu, chini ingekuwa inakaa na bar 5 na ushee, labda huko Toronto jengo lenu ni la hivyo. Kila valvu unayoweka ni kitu cha kuziba na chokaa na mchanga na kuitiwa fundi, usiweke bila sababu.

Bi Zuhura, yako ni nyingine mama yangu. Omba wakubadilishie ile koki ya shawa, kuna aina inayojirekebisha yenyewe presha ya moto au ya baridi ikishuka.

Deo, Toronto

Sawa Rashidi urefu nimekuelewa. Lakini basi waweke mabomba manene juu, bomba nene linapitisha maji mengi, pampu ya nini.

Rashidi, Maskati

Bomba nene linapunguza hasara njiani, hilo kweli. Ila huwezi kupunguza hasara ukapata zaidi ya ulichoanza nacho, na juu umeanza na mita 3. Hata uweke bomba la kupita mtoto, mita 3 ni 3.

Sasa hilo la 63 na 50 ndilo linalonikera, nimeligombania saiti sijui mara ngapi. Mabomba ya plastiki ya PPR yanaitwa kwa kipimo cha NJE. Lile la 63 lenye chapa ya presha ya PN20 ukuta wake ni milimita 10.5, ndani inabaki 42. La 50 ndani inabaki kama 33. Mama chukua rula uone, ni tundu la chupa na tundu la kikombe. Na dukani la 63 wanakuuzia kwa jina la inchi 2, wakati lile bomba la chuma la zamani la inchi 2 ndani lilikuwa na milimita 50 na zaidi, kwa hiyo fundi aliyezoea chuma akibadilisha inchi kwa inchi kashapoteza tayari bila kujua.

Tafuta kwenye ripoti jedwali lenye "loading units", hizo ni pointi za kila kifaa. Sinki la kunawia 1, choo 1, shawa 2, sinki la jikoni 2, mashine ya kufulia 2. Flati yenu ya bafu mbili inafika 12, mara flati 16 za juu ni 192. Kila pointi ni lita 0.1 kwa sekunde, kwa hiyo watu wote wakifungua kila kitu kwa pamoja ni lita 19, lakini hilo halitokei hata sikukuu, ndio maana kuna mchoro wa kushusha hiyo namba. Injinia wako kaandika ngapi?

Mama Nasra, Leicester

Ahsante sana mwanangu, sasa naanza kuona mwanga. Naona kaandika 2.0 l/s kwa hilo bomba, na pembeni 1.44 m/s.

Rashidi, Maskati

Hapo hapo. Lita 2 kwenye tundu la milimita 42 zinakimbia mita 1.44 kwa sekunde, kasi nzuri. Zile zile lita 2 zipitishe kwenye bomba la 50 zinakimbia mita 2.3, umeshapita 2 ambayo ndio kikomo kwa bomba kuu. Utajuaje? Bomba linavuma ukutani usiku, mtu akifunga koki ghafla unasikia kishindo, na msuguano unakuwa kama mara 3. Yaani pampu utakayoilipia umeme inafanya kazi ya kupambana na bomba. Hiyo "tofauti ndogo" mwambie aiandike kwa hesabu na asaini.

Ila mimi kwenye ripoti yenu wasiwasi wangu uko kwenye maji ya moto. Hiyo sola inalishwa kutoka wapi, kabla ya pampu ya juu au baada?

Mama Nasra, Leicester

Kwenye mchoro mstari mwekundu unatoka tenki la paani moja kwa moja unaingia kwenye sola. Pampu iko upande wa mstari wa buluu peke yake.

Rashidi, Maskati

Basi hapo ndipo pa kumbana injinia, siyo kontrakta. Pampu ikiongeza bar 1.5, baridi ya ngazi ya 12 inafika na bar 1.8, moto unafika na 0.3. Kwenye koki ya kuchanganya zinakutana, baridi inauziba moto, mtu anafungua moto mpaka mwisho anapata vuguvugu. Kibaya zaidi, zile shawa za mkono zenye kufungia pale pale mkononi, mtu akifunga mkono huku koki zote mbili ziko wazi, baridi inapanda kwenye bomba la moto na kurudi mpaka kwa jirani. Dalili yake unashika bomba la moto nalo ni baridi. Watakuwekea valvu za kuzuia kurudi, sawa zitazuia kurudi, lakini moto utabaki dhaifu vile vile.

Kanuni ni moja, moto na baridi ya flati moja vitoke kwenye presha moja. Ngazi 9 hadi 12 moto upite pampu hiyo hiyo, 1 hadi 8 vyote vya kushuka. Na uulize hizo sola ni za aina gani, maana zile za mirija ya kioo za bei rahisi nyingi hazistahimili presha, ukiziunganisha na pampu zinapasuka.

Ningekuwa mimi ningeachana na sola ya jengo zima, kila flati hita yake ya lita 50. Inalishwa na baridi ile ile ya flati, presha inajisawazisha yenyewe, na kila mtu analipa umeme wake. Huku kwetu kiangazi maji ya tenki la juu yanachemka na jua, watu wanazima hita na kuitumia kama mtungi wa maji baridi 😄

Wambui, Rotterdam

Hapo nakupinga Rashidi. Hita 48 za kilowati 1.5 ni kilowati 72 zikiwaka pamoja asubuhi, mmemuuliza injinia wa umeme? Dar na lile jua lote mnachemsha maji kwa Luku? Sola ya pamoja inafanya kazi bora iwe na bomba la kurudisha maji ya moto kwenye tenki na kapampu kake kadogo, tenki likae digrii 60 na yanayorudi yasishuke chini ya 50, la sivyo wale bakteria wanaoleta homa ya mapafu wanazaliana kwenye maji vuguvugu. Na mabomba yote ya moto yavikwe, si yale ya paani peke yake.

Rashidi, Maskati

Na nani atakuwa anaangalia hizo digrii 60 baada ya mwaka wa pili? Kapampu kakifa hakuna atakayejua, watafungua tu maji dakika tano kusubiri moto.

Wambui, Rotterdam

Mtunza jengo, alipwe. Vipimajoto viwili ukutani, anaandika daftarini kila wiki. Kwani lifti yao ataangalia nani?

Deo, Toronto

Swali la mwisho kabla Jumapili. Umeme ukikatika hiyo pampu ya juu inazima, wale wa 9 mpaka 12 wanabaki bila maji kabisa?

Rashidi, Maskati

Swali zuri kaka. Inategemea kama kaweka bomba la kupita pembeni ya pampu lenye valvu ya kuzuia kurudi. Likiwepo, pampu ikizima maji yanashuka yenyewe, kidogo kidogo lakini choo kinajaa na ndoo inajaa. Mama Nasra angalia kwenye mchoro wa paani, kuna kamstari kanakoruka ile pampu?

Mama Nasra, Leicester

Nimeangalia na miwani na bila miwani, sikaoni. Naandika imeli kwa injinia sasa hivi: mstari mwekundu, aina ya sola, na hicho kibomba cha pembeni. Kontrakta namwambia 63 ibaki. Hilo la hita au sola mtagombana na wanahisa Jumapili, nitawatumia linki.