Slaidi za mabamba na ziwa letu (kikundi cha ukoo, Kigoma)

Neema: Shikamooni wakubwa. Anko Hamisi upo? Keshokutwa tuna testi ya jiografia na hizi slaidi za mabamba ya dunia zinanichanganya. Mipaka aina tatu, kuachana kugongana na kupishana, apo sawa. Ila wanasema yanapoachana panatokea safu ya milima chini ya bahari, volkeno na matetemeko madogo, afu mfano wameweka Ziwa Tanganyika. Volkeno iko wapi hapa Kigoma?

Shangazi Mwajuma: Madogo?? Lile la Desemba 2005 saa tisa mchana lilinitoa bafuni na kanga moja

Juma: Tetemeko linaletwa na volkeno bana, moto ukichemka chini ardhi inatikisika. Ya huku itakuwa imezama ziwani

Anko Hamisi: Marahaba Neema. Juma umepatia nusu, volkeno huwa inatikisa ardhi ila kidogo na karibu na mlima wenyewe. Lile la 2005 lilikuwa na ukubwa wa 6.8, ule ni mwamba umekatika na kuteleza. Na Rungwa 1910 lilipiga 7.4. Slaidi yako inaongelea bahari Neema, sisi huku ni bara ndo linaanza kupasuka

Neema: Tofauti iko wapi si yote yanaachana?

Anko Hamisi: Chukua ugali. Wa moto ukiuvuta unanyooka tu, uliolala ukiuvuta unapasuka. Katikati ya bahari ganda ni jembamba na la moto, kipande kigumu cha kukatika ni kidogo kwahiyo tetemeko nalo dogo, kupita 6 na kitu ni nadra. Huku kwetu ganda ni nene na limepoa, linakatika hadi kilomita thelathini kwenda chini, eneo linaloteleza linakuwa kubwa na mtikisiko nao unakuwa mkubwa

Neema: Kumbe ukubwa unafata eneo lililoteleza

Anko Hamisi: Hasa. Ndo maana ya 9 usiyategemee hapa. Sumatra 2004 bamba la bahari linazama chini ya jingine, pakateleza urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa mpigo. Ziwa letu lote halifiki 700, na nyufa zake zimekatika vipande vipande. Kutoka 6.8 mpaka 9.1 nguvu inazidi zaidi ya mara 2,000

Shangazi Mwajuma: Sasa Hamisi ukuta wangu wa jikoni una ufa toka mwaka juzi, ndo mabamba hayo yanaachana?

Anko Hamisi: Hapana dada, mabamba hapa yanaachana milimita chache kwa mwaka na hayachagui jiko lako. Angalia kama unatanuka masika na kubana kiangazi, basi udongo wa chini unavimba na kunywea, muite fundi aangalie msingi

Juma: Na volkeno?

Anko Hamisi: Zipo kwenye ufa huu huu, kaskazini Nyiragongo kule Goma, kusini Rungwe. Hapa katikati uji wa mwamba haujapata njia ya kupanda, badala yake sakafu imeshuka. Maji yana kina cha mita 1,470 wakati uso wake uko mita 770 hivi juu ya bahari, piga hesabu uone sakafu iko chini ya usawa wa bahari kwa kiasi gani. Na chini ya maji kuna tope la kilomita kadhaa. Ukipanda boti utaona upande mmoja genge limesimama wima na wa pili unateremka taratibu, mbele kidogo zinabadilishana. Genge ndo penye ufa mkubwa

Mama Mdogo Asha (Tabora): Na sisi Tabora tuko kwenye mpaka gani?

Anko Hamisi: Hamna mpaka, mmekalia mwamba mkongwe mgumu, ufa umeshindwa kuukata ukapita pembeni, mmoja huku na mwingine kule Manyara. Mnasikia mtikisiko wetu tu

Juma: Kwahiyo Tabora ni bamba lake lenyewe

Anko Hamisi: Wapo wataalamu wanaosema hivyo, bamba dogo la Viktoria, wengine hawakubali. Neema kwenye testi wewe andika bamba la Nubia na la Somalia, ndo yanayoachana

Neema: Anko swali la mwisho, wametupa ramani yenye vitone vya matetemeko bila majina, nitajuaje ni mpaka wa aina gani?

Anko Hamisi: Angalia kina. Vitone vikizidi kwenda chini ukielekea upande mmoja, mpaka kilomita mia sita huko, hapo bamba linazama, kama Japani, na volkeno zinajipanga sambamba. Vikiwa vya juu juu kwenye mstari mmoja bila volkeno ni kupishana, kama Uturuki 2023, 7.8

Neema: Na Himalaya? hakuna volkeno, vitone vya juu juu, si itafanana na kupishana?

Anko Hamisi: Enhee, hapo wanawakamata wengi. Himalaya vimetapakaa eneo pana, havifati mstari mmoja, na ramani itaonyesha milima. Kama hawajaweka milima mwalimu wako anawaonea

Shangazi Mwajuma: Hamisi huyo fundi unamjua wa bei gani