Akina mama wanatazama rangi tu kwenye kadi ya kliniki, nifanyeje?

Wadau, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naomba ushauri. Juzi siku ya kupima uzito nilishika kadi ya binti mmoja: miezi 6 kilo 7.3, miezi 7 kilo 7.3, miezi 8 kilo 7.3. Nukta zote zimo kwenye kijani, mama anatabasamu. Nikamwambia mstari umelala, ilhali mkunjo uliochapwa kwenye kadi unapanda. Mtoto haongezeki, tutafute kama ni uji mwepesi au kuharisha. Akanijibu, “Si yuko kijani, dada?”

Nimejaribu kuunganisha nukta kwa kalamu mbele yao, bado wanaona rangi. Mnaofundisha wasiojua kusoma, mnawaonyeshaje mwelekeo wa mstari?