Slabu ya yadi ya malori: niiache huru ijikunje, au niifunge kwenye boriti za ukingo?

Msimamizi_Yadi

Wana jukwaa, salaam. Ninasimamia ujenzi wa yadi ya malori nje kidogo ya Dodoma. Slabu ni ya zege lenye unene wa milimita 200, juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Mchana jua huipiga sana sehemu ya juu ilhali chini kunabaki na ubaridi, na usiku mambo hugeuka. Katika slabu ya majaribio tulipachika vipima joto vitatu, na saa nane mchana vilisoma nyuzi 50 juu, 36 katikati na 32 chini.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni kukata jointi kila mita 6, kutandika nailoni chini, na kuacha kila kipande kijikunje kinavyotaka. Ya pili ni kuunganisha slabu yote na boriti za ukingo kwa nondo, ili isiinuke popote. Mwenye mradi anapendelea ya pili kwa sababu anaamini kitu kilichofungwa hakiharibiki. Mimi nina mashaka. Naomba tulinganishe.

Zege_Ngumu

Ndugu, jibu ni fupi. Bamba lenye joto tofauti juu na chini likiachwa huru linajipinda na mkazo wake unakuwa sifuri. Likizuiwa kupinda, ule upinde uliokataliwa unageuka kuwa mkazo. Kwa hiyo chukua njia ya kwanza. Na kama bado una wasiwasi, ongeza unene ufike milimita 250, kwa kuwa slabu nene hubeba mkazo wa joto vizuri zaidi.

Mwalimu_wa_Miundo

Ndugu Zege_Ngumu amesema kweli nusu, na nusu iliyobaki inaweza kumgharimu mwuliza swali. Naomba nianze na unene. Bamba lililozuiwa kupinda pande zote, lenye tofauti ya joto inayobadilika kwa mstari ulionyooka kutoka uso mmoja hadi mwingine, lina mkazo huu kwenye nyuso zake:

```
σ = E·α·ΔT / [2(1 − ν)]
```

Hapo σ ni mkazo, E ni moduli ya ugumu wa zege, α ni utanukaji wake, ΔT ni tofauti ya joto kati ya nyuso, na ν ni uwiano wa Poisson. Tafuta unene humo, huupati. Kwa tofauti ile ile ya joto, slabu ya milimita 200 na ya milimita 250 zina mkazo mmoja. Isitoshe, slabu nene juani kwa kawaida hupata tofauti kubwa zaidi kati ya juu na chini, kwa sababu joto linachelewa kufika chini. Unene unasaidia dhidi ya gurudumu la lori. Dhidi ya jua hausaidii, na unaweza hata kuongeza tatizo.

Sasa tuweke namba za yadi. Tofauti kati ya nyuso ni nyuzi 18. Nachukulia zege lenye moduli ya megapaskali 30,000, utanukaji wa sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, na uwiano wa Poisson wa 0.2. Zuio kamili linatoa megapaskali 3.4 hivi: juu kunabanwa, chini kunavutwa. Zege la kawaida la barabara hupasuka kwa kupindwa likifika karibu megapaskali 4. Lori likipita juu ya slabu hiyo mchana, gurudumu nalo linavuta sehemu ya chini, na mikazo miwili inajumlishana mahali pale pale. Mwambie mwenye mradi kwamba nondo za ukingo hazizuii ufa huo. Ndizo zinazouandalia mahali.

Msimamizi_Yadi

Ahsante sana Mwalimu. Hesabu yangu ya gurudumu ilitoa megapaskali 1.7 katikati ya kipande. Ukijumlisha na 3.4 tunafika 5.1, na hapo slabu imeshapasuka. Basi njia ya kwanza, yenye jointi za mita 6, ndiyo mshindi?

Mwalimu_wa_Miundo

Hapana, bado. Umejiuliza ni nani anayeizuia slabu ya njia ya kwanza? Si nondo wala boriti, bali ni uzito wake yenyewe. Bamba huru tunalolichora ubaoni halina uzito, lakini lako lina kilonewtoni 4.8 kwa kila mita ya mraba.

Chukua ukanda wa upana wa mita moja. Joto linautaka ukanda huo uwe sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 1,111. Ukiwa na urefu wa mita 6, katikati kungeinuka milimita 4 juu ya ncha. Sasa ushikilie ncha mbili tu na uuache uzito uuvute: unashuka milimita 4 zile zile. Maana yake ni kwamba kipande cha mita 6 hakiwezi kujiinua. Kinajaribu kujikunja, uzito unakilaza chini, na mkazo wake unakaribia ule wa slabu iliyofungwa. Ungelipia msumeno wa kukata jointi na usipate uhuru wowote.

Punguza urefu uwe mita 4. Joto linataka kuinua katikati milimita 1.8, na uzito unashusha milimita 0.8 tu. Hapo slabu inainuka kweli, inakalia kingo zake, na mkazo unaobaki ni wa uzito wake peke yake, karibu megapaskali 1.4. Ukijumlisha gurudumu unapata 3.1. Kwa mita 3 mkazo wa uzito ni 0.8. Mkazo hauzidi ule mdogo kati ya viwili: ule wa zuio kamili na ule ambao uzito unaweza kuleta. Mkazo huo wa uzito unakua kwa mraba wa urefu, na ndiyo maana mita mbili za ziada zinabadilisha kila kitu.

Hesabu hii ni ya ukanda, na ardhi nimeichukulia kuwa ngumu. Kokoto laini zinabonyea chini ya kingo na kupokea sehemu ya katikati, kwa hiyo namba halisi zitakuwa tofauti kidogo.

Fundi_Oveni

Mimi ni fundi wa oveni za mikate na nimefurahi kuona mada hii, kwa sababu mlango wa oveni niliyoitengeneza mwaka jana unapinda kila ukipata moto na mvuke unatoka pembeni. Ndani ni nyuzi 230, nje 60. Bati lake lina milimita 3. Kwa fomula ya Mwalimu bati lingekuwa na mkazo mkubwa ajabu, lakini halikupasuka. Je, niweke bati la milimita 6?

Mwalimu_wa_Miundo

Fundi, swali lako ni jingine, lakini ni ndugu wa hili. Zile nyuzi 170 haziko ndani ya bati. Chuma kinapitisha joto kwa urahisi mno. Hata joto la kilowati 5 kwa mita ya mraba likipita, tofauti kati ya uso mmoja na mwingine wa bati la milimita 3 haifiki hata nusu nyuzi. Tofauti yako iko kwenye pamba ya kuhami joto. Niambie, bati la ndani na la nje umeyaunganishaje?

Fundi_Oveni

Kwa mbavu za chuma, zimechomelewa huku na huku. Mlango una unene wa milimita 80.

Mwalimu_wa_Miundo

Basi mlango mzima ndio bamba. Bati la ndani linarefuka, la nje halirefuki, mbavu zinayalazimisha yaende pamoja, na mlango wa mita moja unataka kujikunja kama milimita 3. Ukiweka bati nene hautaacha. Ukiufunga kwa makomeo mengi utanyooka, lakini nguvu itahamia kwenye makomeo na bawaba. Afadhali bati la ndani liwekwe kwa boliti zenye matundu marefu, liweze kuteleza bila kuuburuta mlango.

Binti_Nyufa

Turudi kwenye zege. Naona wote mmetumia nyuzi 50 na 32 na kuisahau ile 36 ya katikati. Kama joto lingebadilika kwa mstari ulionyooka, katikati pangekuwa na 41. Kule kupungua kwa nyuzi 5 kunamaanisha mchoro wa joto umepinda, na bamba lenye mchoro uliopinda lina mkazo hata likiwa huru kabisa, bila uzito na bila nondo. Sifuri ya Zege_Ngumu haipo hapa.

Nimekadiria kwa namba za Mwalimu. Ukitoa wastani na sehemu iliyonyooka, kinachobaki ni nyuso mbili zenye joto la ziada la nyuzi 3.3 na katikati yenye upungufu wa 1.7. Nyuso zinabanwa kwa megapaskali 1.3 hivi na katikati kunavutwa kwa 0.6.

Zege_Ngumu

Nakubali kosa langu la sifuri. Lakini dada, kwa hesabu yako uso wa chini unabanwa. Si ni nafuu basi? Hata slabu iliyofungwa itabaki na mvuto wa 2.1 badala ya 3.4.

Binti_Nyufa

Mchana wa jua, ndiyo, ni nafuu. Sasa fikiria mvua ya ghafla saa tisa mchana juu ya slabu yenye nyuzi 50. Uso unapoa kwa dakika chache na ndani bado kuna joto, hivyo ishara zinageuka na uso wa juu unavutwa. Nyufa zake utazijua: ni nyembamba, zimesambaa kama wavu, na hazifiki chini. Ufa wa kuzuiwa kupinda ni tofauti, kwa kuwa unavuka kipande katikati na kukikata unene wote. Usiku nako kingo ndizo zinazoinuka, na lori likipita kwenye pembe isiyogusa ardhi, pembe hukatika. Jointi za mita 4 hazizuii hilo moja kwa moja. Zinapunguza tu kimo cha kuinuka.

Mwalimu_wa_Miundo

Nashukuru kwa kunirekebisha. Hesabu za mhandisi Westergaard za mwaka 1927 kuhusu mkazo wa joto katika slabu za barabara nazo zilichukulia mstari ulionyooka, na slabu isiyoachana na ardhi, na wengi wetu tumeurithi mstari huo bila kuuliza. Ila nisingeitumia nafuu ya mchana kupunguza unene au kurefusha vipande, kwa sababu inategemea saa, wingu na rangi ya zege.

Msimamizi_Yadi

Nimeamua kukata kila mita 4, na kuacha nafasi kati ya slabu na boriti za ukingo. Kwenye jointi nitaweka vyuma laini vilivyopakwa grisi ili vipande visaidiane kubeba gurudumu. Swali moja limebaki: slabu ya majaribio ina miezi mitatu, na asubuhi pembe zake zimeinuka kuliko nilivyotarajia. Hata mchana hazirudi chini kabisa.

Binti_Nyufa

Nahisi ni ukavu. Juu kunakauka na kusinyaa, na chini ya nailoni unyevu umebaki, kwa hiyo slabu imejikunja kama iliyopoa juu wakati wote. Nailoni yenyewe ndiyo ningeitilia shaka.

Mwalimu_wa_Miundo

Hapo sikubaliani kabisa. Ukiiondoa nailoni, msuguano na kokoto unaongezeka, na slabu itazuiwa kurefuka na kufupika. Kabla ya kuamua, pima pembe zile saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana kwa wiki moja, utuletee vipimo hapa.