Mjadala: Fundi aifungue simu kwanza, au waya na chaja vibadilishwe kwanza?

Zuhura: Simu yangu inachaji polepole mno. Nimeazima waya mwingine, bado. Nimeazima chaja nyingine, bado. Fundi anasema tundu la kuchajia limekufa, anataka kuifungua abadilishe. Nimruhusu, au kuna kipimo naweza kufanya mwenyewe kwanza? Mimi si mtaalamu. Betri ni ya mAh 5000.

Kitwana: Usimruhusu bado, dada. Kuna mzunguko mmoja umeuruka, na ndio wenye jibu.

Kwanza acha neno "polepole", tupate namba. Anza simu ikiwa na chaji kama asilimia 30, skrini imezimwa, intaneti imezimwa, soketi ya ukutani ileile. Chaji kwa dakika 20, andika imepanda asilimia ngapi. Usipime simu ikiwa imevuka asilimia 80, kwa sababu hapo simu nzima kabisa nayo hupunguza kasi kulinda betri. Ikiwa ya moto pia hupunguza, kwa hiyo iache ipoe kati ya kipimo na kipimo.

Kisha fanya mizunguko minne: waya wako na chaja yako, waya wa kuazima na chaja yako, waya wako na chaja ya kuazima, halafu waya wa kuazima pamoja na chaja ya kuazima. Huo wa nne hukuufanya. Na vitu vya kuazima viwe vile ulivyoviona kwa macho yako vikichaji simu nyingine haraka. Waya mpya wa dukani si ushahidi, maana unaweza kuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Bakari: Mizunguko minne ya nini? Kanuni ni badilisha kimoja kimoja. Kilichobadilishwa bila tatizo kuondoka, hicho hakina kosa. Waya umebadilishwa, tatizo lipo. Chaja imebadilishwa, tatizo lipo. Imebaki simu. Fundi yuko sahihi.

Kitwana: Ndugu Bakari, kanuni yako ni nzuri pale mwenye kosa ni mmoja tu. Wakiwa wawili inakudanganya. Ukiondoa waya mbovu, chaja dhaifu bado ipo. Ukirudisha waya ule na kuondoa chaja, waya mbovu umesharudi. Kila mara tatizo linabaki, na simu inabebeshwa lawama isiyo yake. Kubadilisha kimoja kimoja ni sharti, lakini lazima umalizie kwa kubadilisha vyote viwili kwa pamoja.

Zuhura: Nimepima, nikiiacha ipoe katikati. Waya wangu na chaja yangu: 30 hadi 33. Waya wa kuazima, chaja yangu: 33 hadi 39. Waya wangu, chaja ya kuazima: 39 hadi 42. Vyote vya kuazima: 42 hadi 56.

Kitwana: Simu yako ni nzima. Tundu limepokea asilimia 14 kwa dakika 20 bila shida, na tundu lililokufa haliwezi kufanya hivyo.

Sasa zisome namba zako. Kila waya wako ulipokuwepo ulipata 3, chaja iwe yoyote. Waya huo ndio unaobana umeme. Ulipouondoa ukabaki na chaja yako, ulipata 6, yaani mara mbili, ila kwa macho hiyo nayo inaonekana ni "polepole bado". Ndiyo maana ulidhani hakuna kilichobadilika. Soma maandishi madogo kwenye chaja yako, mstari unaoanza na `Output`.

Zuhura: Imeandikwa `Output: 5V 1A`.

Kitwana: Basi chaja haijaharibika, ni ndogo. Volti 5 mara ampea 1 ni wati 5, na asilimia 6 kwa dakika 20 ndiyo kazi yake halali kwa betri kubwa kama hiyo. Kwenye waya ndiko kuna ubovu.

Shani: Nakubaliana na hukumu, ila sababu isemwe, kwa kuwa waya huharibika kwa njia mbili zinazofanana.

Waya wa kawaida, wa kichwa bapa cha zamani upande wa chaja, una nyuzi nne za msingi: mbili za umeme na mbili za data. Simu hutumia zile za data kujua imechomekwa wapi. Zikikatika, umeme unapita lakini simu haijui kama iko kwenye chaja au kwenye kompyuta, kwa hiyo simu nyingi hujizuia na kuvuta kama nusu ampea tu. Nusu ampea kwa volti 5 ni wati 2.5, na hizo asilimia 3 zako zinalingana nayo kabisa.

Njia ya pili ni waya mwembamba au uliochoka, wenye ukinzani mkubwa. Ukinzani wa omu 0.5 tu ukipitisha ampea 2 unakula volti 1 nzima njiani. Simu inaona volti zinashuka, inapunguza uvutaji.

Kuzitofautisha, chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya huohuo na uchague kuhamisha faili. Simu ikichaji lakini kompyuta isiione kabisa, huku waya wa kuazima unaonekana kwenye tundu lilelile la kompyuta, nyuzi za data ndizo zenye shida. Angalizo moja: kuna waya zinazouzwa zikiwa za kuchajia tu, zisizo na nyuzi za data tangu kiwandani.

Mzee Omari: Mimi kisa changu ni spika ndogo. Nimenunua waya wenye vichwa vya USB-C pande zote mbili na chaja nzuri yenye tundu hilohilo. Simu inachaji vizuri, spika haiwaki hata taa. Nikitumia waya wa zamani wa kichwa bapa na chaja ya zamani, spika inachaji. Kwa hiyo waya mpya ndio mbovu, nimeurudisha dukani.

Shani: Shikamoo mzee. Waya ule ulikuwa mzima, ushahidi ni simu iliyochaji nao. Chaja yenye tundu la USB-C haitoi volti 5 mpaka ione kuna kifaa upande wa pili, na huona kwa rezista ndogo ya omu 5,100 ndani ya kifaa. Spika na tochi nyingi za bei ya chini zimetengenezwa bila rezista hiyo. Chaja inasubiri salamu isiyokuja. Chaja ya tundu bapa haisubiri, hutoa volti 5 muda wote, ndiyo maana spika ilikubali. Tumia waya wa kichwa bapa kwa spika hiyo, basi.

Kitwana: Na hapa ndipo kubadilishana vitu kunapomkosesha anayeanza. Vitu vitatu vyaweza kuwa vinafanya kazi kama vilivyotengenezwa, kila kimoja, na bado visielewane. Hata chaji ya haraka ya baadhi ya kampuni hutaka chaja na waya vya kampuni yenyewe. Kwa vingine simu inarudi kwenye kasi ya kawaida. Kabla ya kusema kitu kibovu, kipeleke kwenye seti nyingine iliyo nzima. Kosa likikifuata huko, ni lake. Lisipokifuata, tatizo liko kwenye kulingana.

Bakari: Sawa, nimeelewa ya mizunguko minne. Lakini kuna kipimo cha haraka kuliko vyote: tikisa waya. Ukichaji ukiukunja na kukata ukiuachia, waya umekatika. Hakuna haja ya kuazima cha mtu.

Shani: Nusu ya hilo ni kweli. Ukikunja waya karibu na simu, unatikisa na tundu pia, huwezi kujua yupi kajibu. Bana kichwa cha waya kwenye simu kwa vidole kisisogee kabisa, halafu kunja waya sentimita 5 kutoka hapo. Ikikata, ni waya. Kisha geuza zoezi: laza waya mezani ukiwa umetulia, na usukume kichwa kidogo sana juu na chini. Ikikata hapo, ni tundu au kichwa kilicholegea, na waya wa pili utakuambia ni kipi.

Kwa USB-C kuna kingine. Weka alama ya kalamu upande mmoja wa kichwa, jaribu alama ikitazama juu, kisha ikitazama chini. Tundu la simu lina pini za kutambuana pande zote mbili, lakini kichwa cha waya kina moja tu. Waya uliokatika uzi wa pini hiyo utakataa pande zote mbili. Ikikubali upande mmoja na kukataa mwingine, na waya wa pili ukafanya vilevile, mshukiwa ni tundu.

Rehema: Mimi ni fundi, na sipendi mjadala huu unavyoelekea. Mnafundisha watu kuchomeka vitu wasivyovijua kwenye simu nzima za wenzao. Kichwa chenye pini iliyoungua au weusi kinaunguza na tundu zima. Simu iliyoonyesha onyo la unyevu isichomekwe popote mpaka ikauke. Harufu ya kuungua au plastiki iliyoyeyuka: hapo hakuna kubadilishana chochote. Na watu wanachokonoa tundu kwa pini ya chuma wakitafuta uchafu, wanaleta pini za ndani zimepinda.

Kitwana: Hilo la kuungua na unyevu lilipaswa kutajwa kabla ya mizunguko yote, ahsante. Uchafu nao ni kweli: kichwa kisipoingia mpaka mwisho, na waya wa pili nao ukiacha upenyo uleule, kuna nyuzi za nguo zilizosagika ndani. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mti, taratibu, bila kugusa ulimi wa katikati.

Lakini swali la Zuhura halijajibiwa upande wako, fundi. Mwenzako alitaka kubadilisha tundu zima. Alipima nini?

Rehema: Siwezi kumsemea. Mimi huweka kipima ampea kati ya chaja na waya, naona simu inavuta ngapi. Nikiona 0.5 kwa waya wa mteja na karibu 2 kwa waya wangu, sifungui simu. Ila mteja akileta simu peke yake, bila waya wala chaja yake, fundi atapima nini? Wengi huja hivyo.

Bakari: Fundi amwambie akavilete. Na amwonyeshe hiyo namba kabla ya kushika bisibisi.

Rehema: Na muda huo wa kupima nani analipa? Watu hulipa kwa kipuri kilichobadilishwa, hawalipi kwa kuambiwa simu ni nzima.

Zuhura: Mimi ningelipa. Nimeshanunua waya, na chaja ya wati 10. Swali langu jingine: asiye na simu ya pili nyumbani afanye nini?

Shani: Anaweza kupima waya na chaja kwa kulinganisha, na akitumia benki ya umeme au kompyuta kama chanzo cha tatu atajua zaidi. Kuihukumu simu ni kugumu. Kama simu inachaji bila waya na huko inapanda vizuri, betri haina kosa, tundu ndilo linalotiliwa shaka.

Rehema: Au saketi ya kuchajia kwenye bodi. Vyote viwili vinaonekana sawa ukiwa nje.