Tupeane uzoefu: ile a₀ ya fimbo iliyozibwa ncha ilikusumbua wapi?

Mshumaa_Usiku: Wakuu, naanza na yangu. Fimbo ya shaba ya mita 1, ncha zote mbili zimezibwa joto lisipite. Robo ya kushoto ina nyuzi 80, iliyobaki nyuzi 20. Kosaini nilizipanga sawasawa, nikaandika:

u = a₀ + Σ aₙ cos(nπx) e^(−kn²π²t)

a₀ nikaitafuta kwa kanuni ileile ya aₙ, yenye 2 mbele, nikapata 70. Nikajibu kwamba fimbo itatulia kwenye 70. Jibu likakatwa. Kilichoniponza, 70 iko kati ya 20 na 80, haikunishtua hata kidogo. Nyie ilikuwaje?

Baraka_mf: Mimi ningesema 50 bila kuhesabu. Joto halina pa kutokea, basi ni wastani wa 80 na 20.

mama_intigrali: Wastani ndiyo, Baraka, ila wa urefu wote. Robo ya 80 ni 20, robo tatu za 20 ni 15, jumla 35. Ndiyo maana huandikwa a₀/2. Kosaini nyingine, ukizijumlisha toka 0 hadi 1, kila moja inatoa sifuri: zinahamisha joto ndani ya fimbo, haziliongezi wala kulipunguza. Joto lote limebebwa na a₀/2, na kwa kuwa n = 0, hiyo haififii.

Mimi hukagua hivi. Robo ya moto imeshuka 45, mara robo ni 11.25. Upande wa pili umepanda 15, mara robo tatu ni 11.25. Sasa weka 70: upande mmoja umeshuka 10, mwingine umepanda 50. Hilo joto la ziada limetoka wapi?

Kijiti: Mbona yangu inaishia sifuri? Nimetumia saini.

mama_intigrali: Hilo ni swali jingine, Kijiti. Saini ni za ncha zilizoshikiliwa kwenye nyuzi 0, na joto linatorokea hapohapo.

fundi_maabara: Niliwahi kuipima fimbo kama hiyo. Kwa hesabu, a₁ ni kama 27, na baada ya dakika 15 hivi ncha ya moto inakuwa karibu 45, ya baridi 25. Mwanzoni vipimo vilifuata vizuri. Baadaye ncha zote mbili zikawa karibu sawa, lakini zikaendelea kushuka pamoja, zikapita chini ya 35. Hapo nikajua kosaini zimeshakwisha, kinachovuja ni ile a₀/2 yenyewe. Nilikuwa nimeziba ncha tu, ubavu nikauacha wazi.

Mshumaa_Usiku: Na nusu ikiwa shaba, nusu alumini?

Baraka_mf: Wastani uleule, joto si halitoki?

mama_intigrali: Jumla ya joto haibadiliki, kweli, lakini mita moja ya shaba na ya alumini hazibebi joto sawa kwa kila nyuzi. Lazima wastani uwe na uzito. Tena cos(nπx) hazitafaa kwenye kiungo. Aliyewahi kuzitafuta zinazofaa atuwekee hatua zake.